Swali la Kumi na Moja

Fomu ya bima ya afya mimi naijaza kwa dakika saba. Goodness, bosi wangu wa pale ofisini Moshi mjini, anasema kasi hiyo siku moja itaniua kwa njaa. Nilikuwa namjibu kwamba ni wivu tu. Nusu ya watu wa kijijini kwetu Uru wana bima kwa sababu yangu, na nusu nyingine wananikwepa tukitoka misa.

Jumatatu asubuhi shangazi Hilaria alinipigia simu akiwa wodini.

"Leodegar, njoo. Uje peke yako."

Shangazi ni dada yake baba, mjane, ana ng'ombe wawili na kihamba cha kahawa na migomba. Wiki mbili kabla alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu. Vidonge alishaanza, ila usaha ulikuwa umezunguka pafu. Walimwekea mpira wa kuutoa, haukutosha. Daktari alitaka kumpasua Ijumaa, na hospitali ilikuwa inasubiri idhini ya bima.

Nilimkuta ameegemea mito, mpira unamtoka ubavuni.

"Shikamoo shangazi. Naona umejitafutia likizo ya kutokamua."

"Marahaba. Soma hiyo."

Ilikuwa barua ya kampuni yetu. Daktari alipoomba idhini alikuwa ameandika historia ya mgonjwa: anaishi na VVU, yuko kwenye dawa mwaka wa tisa. Kampuni ilikuwa imeifungua fomu yake ya maombi, swali la kumi na moja: "Umewahi kuambiwa una VVU, au unatumia dawa zake?" Pale palikuwa na alama ya Hapana. Kwa hiyo mteja alikuwa ameficha hali iliyokuwepo kabla ya bima, na dai limekataliwa.

Niliisoma mara mbili.

"Sikukuficha," shangazi alisema. "Ulikuja nyumbani, nikakupa mtori wa ndizi. Ukauliza sukari, nikasema hapana. Ukauliza presha, hapana. Nikawa najipanga kukuambia. Wewe ukacheka, ukasema mimi ni mzima kuliko ng'ombe wangu, ukapiga mstari mpaka chini. Nikaona labda hutaki kusikia."

Ni kweli nilipiga mstari. Huo ulikuwa mtindo wangu. Nikifika swali la kumi na moja mbele ya mtu niliyemwamkia shikamoo, ulimi unagoma. Utamuulizaje shangazi yako, tena mjane, kama ana virusi? Ni kama kumuuliza mume wake alikufa kwa ugonjwa gani. Kwa hiyo nilikuwa natania kidogo, naweka Hapana, nawapa kalamu wasaini. Hiyo niliiita heshima.

"Mathew anajua?"

"Anajua TB. Hiyo nyingine hajui." Mathew ni mwanawe wa pekee, mwongoza watalii. Alikuwa juu mlimani na wageni, angeshuka Alhamisi. "Na asiisikie kwako."

Nilikwenda ofisini moja kwa moja. Goodness aliisoma barua, akavua miwani.

"Huyu bima yake ina muda gani?"

"Miezi kumi na minne."

"Mungu wangu, Leodegar." Alifungua masharti ya bima, akanigeuzia ukurasa. "Soma kwa sauti, wewe mwenye dakika saba."

Nikasoma. Magonjwa sugu yaliyokuwepo kabla, VVU vikiwemo, pamoja na maradhi yanayotokana nayo: kama yalitajwa kwenye fomu, mteja anasubiri miezi kumi na miwili, kisha anagharamiwa hadi kikomo chake maalumu. Kama hayakutajwa, halipwi kitu.

"Umeelewa?" Goodness aliuliza. "Angesema ukweli, muda wa kusubiri ungeshapita miezi miwili iliyopita. Hiyo Hapana yako haikumwokolea chochote. Imemtoa nje."

"Lakini aliyelazwa ni TB, siyo VVU. TB ameipata juzi."

"Mtu asiye na VVU akipata TB mpya, tunamlipia kwenye kikomo kikubwa cha kulazwa, kama ugonjwa mwingine. Kwake kampuni inasema imetokana na VVU, inaiweka kwenye fungu dogo la magonjwa sugu. Na vidonge vya TB wala ARV hatugusi, hivyo serikali inatoa bure. Hapa tunazungumzia upasuaji na kitanda."

"Sasa tunafanyaje?"

"Anakata rufaa. Lakini sahihi ni yake, na fomu inasema amesoma majibu yote. Wataishikilia hiyo." Alivaa tena miwani. "Labda wakala aandike kwamba swali halikuulizwa."

"Wakala mimi?"

"Unamjua mwingine?"

Hakunificha gharama ya kuandika hivyo. Nikiandika, uwakala wangu unasimamishwa. Pia fomu zangu zote zitafunguliwa upya, watu arobaini na kitu, wengi wa Uru na Kiboriloni. Mmoja wao akiwa na jambo ambalo sikumuuliza, atapata barua kama ya shangazi.

"Nisipoandika?"

"Watalala na Hapana zao mpaka siku watakapougua."

Nilirudi kwanza wodini, maana nisingeweza kuandika habari za mwili wake bila ruhusa yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Utafukuzwa kazi?"

"Inawezekana. Nitakuja kukukamulia ng'ombe."

"Ng'ombe wangu watakupiga teke." Akakohoa, akajishika ubavu. Kisha akasaini ruhusa, herufi moja moja.

Maelezo yangu yalichukua saa tatu. Niliandika: sikuuliza swali la kumi na moja, niliweka alama mwenyewe, mteja alikuwa tayari kujibu nikamkatiza. Goodness aliyatuma makao makuu akaniomba nimkabidhi kitambulisho cha uwakala. Alikipokea bila kuniangalia.

Jibu lilikuja Alhamisi mchana. Walikuwa wamekubali kumchukulia kama mteja aliyetaja hali yake tangu mwanzo: kusubiri kumekwisha, atalipiwa ndani ya kikomo cha magonjwa sugu, na mchango wa mwaka unaofuata utapanda. Nilikimbia nayo hospitali kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Dada wa dirisha la bima akaweka idhini pembeni ya makadirio ya upasuaji.

"Inafika nusu tu, kaka. Siku za kulala zimeshakula sehemu. Nusu iliyobaki tunahitaji ndugu asaini dhamana leo, ndipo jina libaki kwenye orodha ya kesho."

Mimi sikuwa na kazi. Sahihi yangu isingedhamini hata soda. Ndugu alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikuwa anapanda ngazi za wodi, mabuti yakiwa bado na vumbi la mlimani. Nikamfuata mpaka kitandani kwa shangazi.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa nisaini." Mathew alinipa mkono, kisha akaichukua idhini mikononi mwangu. "Leodegar, wewe si ulisema bima yake ni ile ya kulazwa, kikomo kikubwa? Hii mbona nusu? TB si TB tu? Mmetuibia?"

Nilifungua mdomo. Jibu la uongo lilikuwepo tayari, tena la kuchekesha. Shangazi akanitazama, nikaufunga.

"Usimgombeze yeye," alisema. "Vuta hicho kiti."

"Mama, dirisha linafungwa saa kumi."

"Nimekuambia vuta kiti."

Mathew akavuta. Shangazi akasogeza mpira ubavuni ili ageuke amwone vizuri, akapumua mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Wanalipa nusu kwa sababu nina virusi vya UKIMWI, mwanangu. Ni mwaka wa tisa. Niulize unachotaka, nitakujibu, halafu uende ukasaini."