Kopo la Maji ya Bwawani

Huyu ni mtoto wa tatu kuharisha wiki hii, na mimi Jorina, mhudumu wa afya wa kijiji hiki kando ya mto Meghna, kichwa kimenivurugika. Choo wanacho, mikono wananawa kwa sabuni, maji wanateka kwenye pampu. Sasa uchafu unapitia wapi?

"Labda kijicho, Jorina Apa," akasema Moyna, mama wa mtoto, akiniita Apa, yaani dada, kama wote hapa.

"Kijicho cha nani! Lete maji nikoroge dawa."

Pampu ikagoma. Moyna akachota kopo bwawani, pale mama mkwe wake alipokuwa akisuuza matambara machafu ya mtoto, akalimimina ndani ya pampu ili ivute maji.

"Moyna! Nani kakufundisha hivyo?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe, Apa, siku ile pampu ilipowekwa hapa?"