Sekunde Hamsini na Mbili

Kufikia saa nane mchana Séverine alikuwa amekwisha kunywa vikombe vitatu vya chai. Juu ya meza ya kulia chakula ya Mwalimu Nestori, pale mtaani Shanwe, kompyuta yake ilionyesha namba moja aliyokuwa ameikodolea macho tangu asubuhi: 1.2.

Ni namba ndogo, lakini usiidharau. Kila kitu kinacholizunguka Jua kina namba ya namna hiyo, inayoeleza umbo la njia yake. Sifuri ni duara kamili. Kati ya sifuri na moja njia imefungwa: kitu kitakwenda mbali, pengine miaka laki moja, lakini kitarudi. Ikivuka moja, njia iko wazi. Kometi zetu wenyewe, yale mabonge ya barafu yenye mkia, huweza kusukumwa na Jupita zikaivuka moja kwa unywele, na hilo halimshtui mtu. Lakini moja nukta mbili si unywele. Kitu cha namna hiyo kimekuja na mwendo wake kutoka kwenye nyota nyingine, na Jua litakipinda tu kidogo kisha kiende zake moja kwa moja. Mkia hausaidii kumtambua mgeni wa namna hiyo. Wapo wageni waliokuja na ukungu na mkia kama kometi yoyote, na yupo aliyepita bila mkia wa kuonekana. Waliothibitishwa mpaka sasa ni watatu tu.

Huyu angekuwa wa nne, na jina la Séverine lingekuwa kwenye taarifa ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa njia za vitu vya angani, kwenye kituo kimoja cha elimu ya nyota huko Afrika Kusini. Alikuwa amekuja likizo kumwona mama yake Katumba, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi kutoka Burundi, kitu kile kikagunduliwa siku ya tatu ya likizo, basi akahamia mezani kwa mwalimu wake wa zamani, kwa sababu Katumba mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Kamati ya darubini kubwa ilimpa mpaka saa kumi na nusu jioni aseme kitu hicho ni nini. Akisema "mgeni," darubini itageuzwa usiku huohuo, na kijana mmoja wa shahada ya uzamivu aliyesubiri zamu yake mwaka mzima atapoteza usiku mbili. Akisema "sijui," haigeuzwi. Na mwaka uliopita alishawahi kupiga mbiu ya mgeni ikawa bure. Mkuu wake hakumfokea, afadhali angemfokea. Na mkataba wa Séverine ulikuwa unaisha Desemba.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinamnyima raha. Wagunduzi walikuwa na vipimo vya siku tano tu, na siku tano ni kipande kifupi mno cha njia. Kwa vipimo hivyo peke yake namba iliweza kuwa popote kati ya 0.9 na 1.4, yaani haikusema lolote. Kilichoifanya isimame kwenye 1.2 ni picha tatu zilizopigwa siku nne kabla ya ugunduzi, kwa darubini iliyokuwa uani, umbali wa hatua kumi kutoka alipokaa. Zilikuwa picha za Mwalimu Nestori.

Mwalimu alikuwa mtu wa kabila la Wapimbwe, mrefu, mkavu, anayefundisha fizikia mwaka wa ishirini na tisa huo. Darubini yake ilikuwa juu ya nguzo ya zege, chini ya paa la bati linalosukumwa kwa magurudumu, na kituo chake kilikuwa na namba rasmi ya kimataifa, namba aliyoichora ukutani kwa rangi nyekundu. Jioni ile alikuwa akifuatilia jiwe moja dogo la angani linalojulikana, linalopita karibu na Dunia. Kitu kipya kilijipenyeza pembeni mwa picha zake bila yeye kujua. Tangazo lilipotoka akarudi kwenye picha, akakipata, akapima, akatuma. Kwenye daftari lake la kazi akaandika kwa herufi kubwa, pembeni ya saa za picha zile tatu: MGENI.

"Mwalimu," Séverine alisema. "Ile kompyuta ya kwenye darubini, saa yake unaiwekaje?"

Nestori aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Kwa milio ya redio. Saa mbili usiku, kabla ya taarifa ya habari. Mlio wa mwisho, nabonyeza. Miaka kumi na mitano sijabadilisha. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu."

Séverine aliona aibu mpaka masikioni. Mtu huyu ndiye aliyempa penseli na sababu ya kuitumia. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza alikuwa akijaza daftari la mahudhurio, na kwenye safu ya mahali mwanafunzi anapotoka akaandika Burundi, hata bila kuuliza, kwa kusikia jina lake tu. Watoto wakacheka. Séverine alisimama, akasema, "Nimezaliwa Katumba, Mwalimu." Nestori hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya neno lile ili liendelee kusomeka, akauliza mbele ya darasa zima, "Niandike nini?" akaandika Katumba, akaweka saini yake pembeni. Kosa la kitabuni halifichwi, aliwaambia, linapigwa mstari na kusainiwa. Kuanzia siku ile Séverine angemfuata hata kwenye moto. Na leo Séverine alikuwa akimkagua mtu huyohuyo.

"Kitu chenyewe kinakwenda kasi," alisema, akiyatazama mapaja yake. "Saa ikikosea dakika moja tu, nafasi yake inahama kiasi cha kutosha kuiharibu namba yote. Lile jiwe dogo ulilokuwa unalifuatilia limo kwenye picha zilezile. Njia yake inajulikana vizuri sana. Tukilipima..."

"Litatuambia saa ya kweli," Nestori alimalizia. "Sijalipima bado. Nilimkimbilia mgeni."

"Naomba tulipime, Mwalimu."

"Nilipime mimi," alisema, akavuta kompyuta kwake.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Theopista, mke wa mwalimu, aliingia na sahani ya mihogo ya kuchemsha, akawatazama wote wawili, akaiweka sahani polepole kama mtu aliyeingia kwenye msiba. Nestori alibofya, akaandika, akabofya. Séverine aliomba kimoyomoyo, na la kusikitisha ni kwamba hakuomba ukweli. Aliomba jiwe liwe pale linapotakiwa kuwa. Aliomba mgeni awe mgeni.

"Limetangulia," Nestori alisema.

"Kiasi gani?"

"Kwa saa niliyoandika, lilipaswa kuwa hapa. Liko mbele. Mwendo wa sekunde hamsini na mbili." Alipima picha ya pili. "Hamsini na mbili." Ya tatu. "Hamsini na moja." Alivua miwani. "Saa yangu imechelewa karibu dakika nzima. Haiwezekani. Redio haikosei."

"Redio ipi?" Theopista aliuliza kutoka mlangoni. "Redio si ilipigwa na radi mwezi wa tatu? Unasikilizia kwenye ile simu aliyokuletea binti yetu Odeta."

Nestori alitazama simu iliyokuwa dirishani inachajiwa. Saa ya ukutani ilikaribia saa kumi, na saa kumi pia redio hutoa milio. Alikwenda akaichukua, akafungua redio ya mtandaoni, akailaza mezani kando ya kompyuta ya Séverine, ambayo saa yake ilikuwa inajirekebisha yenyewe kwa mtandao.

"Hesabu wewe," alisema. "Mimi sitaki kuonekana nimependelea."

Saa kumi kamili ilifika kwenye kompyuta. Kwenye simu mtu alikuwa bado anatangaza sabuni.

Séverine alihesabu kwa sauti ya chini. Kumi. Ishirini. Tangazo likaisha, likaanza la pembejeo. Thelathini. Mwalimu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama wakati wa mtihani. Arobaini. Séverine alitamani kumwambia aizime, kwamba inatosha, lakini si yeye wa kusema hivyo. Arobaini na tano.

Milio ikaanza. Wa mwisho ulilia kwenye arobaini na tisa.

"Siku ile ilikuwa hamsini na mbili," Nestori alisema baadaye kidogo. "Mtandao hauna adabu, kila siku na ucheleweshaji wake." Alikaa. "Basi zitupe picha zangu."

"Hapana, Mwalimu. Sasa tunajua saa zake za kweli vizuri kuliko mwanzo. Jiwe limetupa."

Aliongeza sekunde hamsini na mbili kwenye vipimo vyote vitatu, akaiachia kompyuta ikokotoe upya. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Namba ikatulia: 1.00, na shaka ya sehemu tatu za mia huku au kule.

Hapo ndipo zinapoangukia kometi zinazotoka kwenye lile wingu la barafu la mbali linalolizunguka Jua lenyewe. Séverine aliiangalia mpaka tarakimu zikalegea machoni. Aliona kijana wa uzamivu akipata usiku zake mbili. Aliona Desemba. Ilikuwa imebaki robo saa.

"Séverine." Mwalimu hakuwa amemwita kwa jina tangu asubuhi, alikuwa akimwita mwanangu. "Ungeweza kunyamaza. Mimi nisingejua, na wao wasingejua mpaka vipimo vipya vya wiki ijayo."

"Nilitaka kunyamaza," alisema, na machozi yakamtoka palepale, bila hodi. "Tangu asubuhi nataka kunyamaza."

"Lakini umeuliza." Alimsogezea sahani ya mihogo, ndiyo huruma aliyoijua. "Andika, muda unakwenda. Na uandike kosa ni la kituo changu, na jina langu."

Aliandika mistari minne. Namba mpya, sababu yake, kosa la saa na kituo chake, kisha: naomba darubini isigeuzwe. Saa kumi na dakika ishirini na mbili akatuma. Kamati ilijibu kwa neno moja, "Imepokelewa," na hakuna mtu duniani awezaye kujua neno hilo lina hasira kiasi gani.

Alipoinua kichwa, Nestori alikuwa amefungua daftari lake. Alichukua kalamu nyekundu. Alipiga mstari mmoja juu ya kila saa, tatu zote, akaandika ya kweli juu yake, akasaini pembeni. Halafu kalamu ikafika kwenye neno MGENI, ikasimama. Akapiga mstari mmoja juu yake pia, taratibu, neno likabaki linasomeka.

"Niandike nini?" aliuliza.

Séverine alijua sauti ile. Alisimama, kama alivyosimama siku ile darasani.

"Andika kometi, Mwalimu. Ya kwetu."

"Una uhakika?"

"Wa kutosha kuweka saini."

Akaandika, akasaini, kisha akamgeuzia daftari na kumpa kalamu.