Sauti ya Mwaka Jana

Kwa miaka kumi na tisa abiria wa stesheni ile walimjua mtangazaji wao bila kumwona. Alikaa juu, ndani ya kibanda cha vioo kilichotazama majukwaa manne ya treni, akiwa na kipaza sauti, ratiba na birika la chai. Wafanyakazi walimwita Bi Spika. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu. Siku nyingine matangazo ya treni yalikuwa ndiyo maneno pekee yaliyotoka kinywani mwake tangu kuamka hadi kulala. "Abiria wa treni ya saa nne na nusu kwenda kaskazini, tafadhali sogeeni jukwaa la tatu." Akishasema hivyo, watu mia mbili huinua mizigo yao na kusogea. Hilo lilimtosha.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Hakikuwa kichwa cha kumlaza mtu kitandani. Kilikuwa kizito tu, pande zote mbili, kama mtu aliyevalishwa kofia isiyomtosha, na kila asubuhi aliamka akiwa ameshaivaa. Alikwenda zahanati mara tatu na kukutana na matabibu watatu tofauti. Wa kwanza alimpima malaria, hakuna kitu. Wa pili alimpima shinikizo la damu, likawa sawa. Wa tatu alisema ni macho, Bi Spika akanunua miwani. Herufi za ratiba zilinenepa, kichwa kikabaki vilevile. Akaanza kumeza vidonge vya maumivu, mwanzo mara mojamoja, halafu kila siku.

Kila tabibu alimuuliza, "Kinauma wapi, mama?" Naye alijibu hilo tu. Kazi ilikuwa imemzoesha hivyo. Mtangazaji husoma kilicho kwenye karatasi: namba ya treni, jukwaa, saa, basi. Neno la ziada huwapoteza abiria. Kwa hiyo hakumwambia tabibu yeyote kwamba nywele zilikuwa zikiziba tundu la bafu. Msusi wake ndiye aliyelijua hilo. Fundi cherehani alijua kwamba gauni la kazi lilikuwa limeachiwa mara mbili kiunoni ingawa mwenyewe hali kitu cha maana. Muuza dawa wa pale nje alijua habari za choo kigumu. Na Babu Fagio, mzee aliyefagia majukwaa, alijua habari za sweta.

"Bi Spika!" alimpigia kelele siku moja kutoka chini, jua limepamba moto. "Umehamia kwenye jokofu au ni fasheni?"

"Baridi huisikii wewe mwenye ngozi ya ngoma."

"Mimi nimevua mpaka fulana, wewe unafunga vifungo! Mwite mkuu akuletee blanketi la serikali."

Bi Spika alicheka kidogo, kisha akakaa. Ngazi zile kumi na nane zilikuwa zimemaliza nguvu zake za siku nzima.

Mkuu wa stesheni alimwita ofisini Jumatatu. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti mwenyewe, jambo lililomtia Bi Spika wasiwasi zaidi.

"Kuna malalamiko," alisema. "Wiki iliyopita umetangaza jukwaa, treni ikiwa imeshafunga milango. Watu kumi na mmoja wameachwa."

"Nilikuwa naitafuta namba."

"Namba ilikuwa mbele yako, dada yangu."

Ni kweli. Alikuwa ameitazama namba na namba ikamtazama, na ilichukua muda mrefu mpaka wakaelewana.

Matangazo yote ya stesheni hurekodiwa na kutunzwa, ili abiria akidai hakutangaziwa pawe na ushahidi. Mkuu aligeuza kompyuta yake na kubonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaza ofisi, nyepesi, safi, kila neno limekaa mahali pake. "Hii ni ya mwaka jana, mwezi kama huu." Akabonyeza tena. Sauti ya pili ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, inayojikokota kama mtu anayesoma huku amejaza uji mdomoni.

"Huyo wa pili ni nani?" Bi Spika aliuliza.

Mkuu alitazama meza. "Ni wewe. Juzi Ijumaa."

Bi Spika akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuanzia tarehe moja tunaweka mashine," mkuu aliendelea. "Utahamia stoo ya vitu vilivyopotea. Mshahara ni uleule. Tumekata maneno kutoka kwenye rekodi zako za zamani, mashine itayaunga. Kwa hiyo sauti itakuwa yako bado, unaona?"

"Naona," alisema. Halafu akafanya jambo ambalo mkuu hakulitegemea. Akatoa simu. "Niwekee hizo mbili humu."

"Unazipeleka chama cha wafanyakazi?"

"Nazipeleka kwa daktari."

Zahanati ilikuwa na tabibu mpya, binti mwenye kalamu nne mfukoni. Aliuliza kama wenzake: kinauma wapi, tangu lini. Kisha akauliza mengine: je, maumivu yaliwahi kuja ghafla kwa kishindo? Anatapika? Anaona vitu viwiliviwili? Mkono au mguu umelegea? Homa? Hapana, hapana, yote hapana. Bi Spika aliweka simu mezani.

"Sikiliza hii, binti yangu. Na hii."

Tabibu alisikiliza mara mbili. Aliweka kalamu chini.

"Hawa ni watu wawili?"

"Ni mimi na mimi."

"Mama, hebu tukiache kichwa kwanza. Niambie yale uliyoyaona si ya kumwambia daktari."

Ilikuwa vigumu kuanza. Alianza na sweta. Baada ya sweta yakaja mengine, nywele, choo, gauni, ngozi ya miguu iliyokauka kama karatasi ya saruji, usingizi usiokwisha hata akilala saa kumi nzima, majina yanayomponyoka. Alishangaa kusikia yalivyo mengi. Hakuwahi kuyatangaza yote kwa mpigo.

"Hedhi?"

"Ilishaniaga kitambo."

"Sawa. Ingekuwepo ningekuuliza kama imezidi kuwa nzito. Kwenu kuna mtu aliwahi kuvimba hapa shingoni?"

Bi Spika alijigusa shingo. "Dada yangu. Tulidhani ni unene."

Tabibu alimpapasa mbele ya koo akimwambia ameze mate. Alihesabu mapigo ya moyo: hamsini na manne kwa dakika. Akamgonga kwa kinyundo nyuma ya kifundo cha mguu. Mguu uliruka vizuri, lakini ukarudi polepole, kama mlango wenye bawaba nzito.

"Kuna tezi hapa kooni inaitwa thairoidi," alisema. "Ina umbo la kipepeo. Ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Ikilegea, kila kitu kinapunguza mwendo, moyo, tumbo, mpaka fikra. Na baadhi ya watu hupata kichwa cha namna hii yako, kizito, cha kila siku."

"Mbona hawakunipima mapema?"

"Kwa kichwa peke yake hata mimi nisingekupima. Vichwa vinauma watu wengi na tezi zao ni nzima. Na baridi peke yake, au uchovu peke yake, ni hivyo hivyo. Lakini vikija vyote kwa pamoja, tena na sauti kubadilika hivi, lazima tuiulize damu. Nyumbani hakuna aliyekuambia umebadilika?"

"Nyumbani hakuna mtu."

Tabibu alijifanya anaandika.

Majibu yalitoka siku ya nne. Homoni ya tezi ilikuwa chini sana. Ile nyingine, ambayo ubongo huitoa kuiamrisha tezi ifanye kazi, ilikuwa juu mara kumi na zaidi.

"Ubongo unapiga kelele na tezi haisikii," tabibu alisema.

"Kama mimi na abiria wa jukwaa la pili."

Alipewa kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na chai ingoje angalau nusu saa. Kingekuwa cha maisha, kipimo kikirudiwa baada ya wiki sita mpaka nane ili dozi irekebishwe. Dawa za maumivu za kila siku aziache, maana zikizidi nazo huleta kichwa. "Na usitegemee miujiza kesho," tabibu alimalizia. "Kitu kilichopungua mwaka mzima hakirudi kwa wiki. Sauti inaweza kuchukua miezi."

Tarehe moja akahamia stoo. Chumba kilikuwa na miavuli thelathini na saba, kiatu kimoja cha mtoto na seti ya meno kwenye bakuli. Juu ya mlango kulikuwa na spika. Kila baada ya dakika chache sauti yake ya mwaka jana ilimshukia kutoka pale, changamfu, isiyochoka, ikiwaambia watu pa kwenda. Wiki ya kwanza alijaribu kuziba spika kwa sweta lililosahauliwa na abiria. Wiki ya pili akaliondoa. Sauti ile ndiyo iliyokuwa jirani yake pekee.

Kichwa hakikuondoka kwa siku moja. Baada ya wiki ya tano aligundua tu, akiwa anapanga miavuli, kwamba ilikuwa saa tano na kofia hakuivaa. Alisimama akigusa paji la uso. Alitaka kumwambia mtu. Akaiambia miavuli. Wiki ya nane dozi ikaongezwa. Mwezi wa tatu alianza kuisindikiza mashine. Ikisema naye anasema, neno kwa neno, mpaka ikawa vigumu kujua nani amemfuata nani.

Alhamisi moja asubuhi injini iliharibika katikati ya jukwaa la tatu. Treni ya kaskazini ikahamishiwa la kwanza, ile ya mashariki ingoje nje. Mashine haikuwa na maneno ya mambo hayo. Ikaendelea kuwapeleka watu jukwaa la tatu, kwa uchangamfu mkubwa, wakabanana pale na mizigo. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mkuu alikuwa akihema.

"Bi Spika. Unaweza kupanda?"

Alipanda ngazi kumi na nane bila kushika ukuta. Kibandani kulikuwa na vumbi. Alizima mashine, akasoma karatasi mara moja, akabonyeza.

"Abiria wa treni ya saa nne na nusu kwenda kaskazini, tafadhali ondokeni jukwaa la tatu, nendeni jukwaa la kwanza. Msikimbie. Treni itawangoja."

Watu wakainua mizigo. Hakuna aliyetazama juu. Kwao ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikizungumza asubuhi nzima, nao wakaifuata wakaenda zao. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauchomoa waya wa mashine ukutani, akauviringisha mkononi.

"Kesho saa kumi na mbili," alisema, akashuka.

Bi Spika alibaki peke yake kwenye vioo. Chini, jukwaa la tatu lilikuwa tupu, isipokuwa Babu Fagio aliyesimama na fagio lake, shingo ameinyoosha.

"Leo ni wewe!" alipaza sauti.

"Umejuaje?"

"Ile mashine haivuti pumzi!"

Alitaka kumjibu kwa mzaha, lakini alikuwa ameshainama kushika kitambaa cha vumbi. Alifuta kipaza sauti kwanza, kisha kioo cha upande wa Babu Fagio.