Nondo Kumi na Mbili Kamili

Darasani walimwita Desimali, na jina lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi. Siku ya kwanza ya somo la vipimo, wenzake walipokubaliana kwamba mita tano na kitu ni mita tano, yeye aliinua mkono akauliza hicho kitu ni kiasi gani. Hata mlinzi wa chuo alizipata habari hizo. Kila jioni wanafunzi walipotoka, mlinzi huyo alipekua mifuko yao mmoja mmoja, lakini alipofika yeye alimpungia mkono tu. "Pita, Desimali. Wewe umebeba nukta tu." Akicheka, tumbo lake lote lilicheka naye.

Muhula ule chuo kiliamua kumjengea mlinzi nyumba ndogo nyuma ya karakana, ili aondoke katika kile kibanda cha getini ambamo yeye na mkewe walikuwa wakipeana zamu ya kunyoosha miguu. Wanafunzi wangejenga, na kabla ya kujenga wangepima. Kila mmoja alipewa ramani ya msingi atayarishe BOQ, yaani jedwali la kazi na vifaa vyote: udongo utakaochimbwa, zege litakalomwagwa, chuma kitakachofungwa. Jedwali bora ndilo lingetumika kununulia vifaa. Mwenye jedwali hilo angepelekwa mafunzoni katika ofisi ya wakadiriaji majenzi mjini. Nafasi ilikuwa moja, na Desimali aliitaka kiasi cha kuiota.

Alifanya kazi safi. Ramani ilionyesha vyumba viwili na ukuta mmoja wa kati. Kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, nyumba ilikuwa mita tisa kwa sita, hivyo mzunguko wake ni mita thelathini. Ukuta wa kati ulikuwa mita sita, na hapo ndipo wengi walipojikwaa. Waliandika sita, wakasahau kwamba mtaro wa ukuta wa kati unapokutana na mitaro ya nje, nusu ya upana wa kila mtaro wa nje imekwisha kuchimbwa tayari. Mtaro ulikuwa na upana wa sentimita sitini, basi Desimali alitoa thelathini huku na thelathini kule, akabaki na mita tano na pointi nne. Jumla ikawa thelathini na tano na pointi nne. Akazidisha kwa upana na kwa kina cha sentimita tisini, akapata udongo wa mita za ujazo kumi na tisa na pointi moja mbili. Kwa zege la unene wa sentimita ishirini na tano akapata mita za ujazo tano na pointi tatu moja. Hakuna aliyechimba shimo moja mara mbili isipokuwa wenzake.

Kisha ikaja nondo. Msingi ulitaka nondo nne za milimita kumi na mbili, zizunguke nyumba nzima na kupita ukuta wa kati, zikishikwa na ringi, vile vipete vya chuma chembamba. Hapa hakutoa kitu, kwa kuwa chuma hupita hadi katikati ya ukuta wa nje: mita thelathini za mzunguko na sita za ukuta wa kati, jumla thelathini na sita, mara nne ni mia moja arobaini na nne. Nondo moja dukani ina mita kumi na mbili. Akagawanya, na jibu likatoka kumi na mbili, bila baki, bila hata nukta. Alilitazama kwa furaha. Mwalimu wa vipimo naye alipofika hapo alitabasamu, akapiga alama ya vema, akasaini. Jedwali likabandikwa ubaoni kwenye korido, na jina la Desimali likapelekwa mjini.

Mitaro ilichimbwa, mlinzi akiizunguka kila asubuhi kama mtu anayekagua shamba lake. Alimwonyesha mkewe pahali pa kitanda, na mkewe akamwonyesha pahali pa jiko, wakabishana juu ya dirisha ambalo halikuwepo. Nondo kumi na mbili zilitoka stoo zikalazwa kando ya mtaro, na usiku mlinzi akazilinda pamoja na vingine vyote.

Asubuhi ya kumwaga zege, wafungaji wa nondo walimaliza mzunguko wa nje wakageukia ukuta wa kati. Hapakuwa na nondo. Vilikuwapo vipande vinne tu vilivyobaki baada ya kukata, na kila kipande kiliishia njiani.

"Zimepungua mbili," alisema msimamizi wa karakana baada ya kupiga hesabu ya haraka kwa vidole. "Labda na chenji."

Mwalimu wa vipimo aliitwa, akaja na jedwali mkononi. Jedwali lilisema kumi na mbili. Mtunza stoo alisema ametoa kumi na mbili. Macho ya wote watatu yakaelekea getini, bila mtu kutaja jina.

Mlinzi aliitwa akaja akifunga vifungo vya koti, kwani ndio kwanza alikuwa amejilaza. Aliulizwa. Akafikiri ni utani, akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Hii ni nyumba yangu," alisema. "Niibe kwangu nikauze wapi?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza," alisema msimamizi.

Mkuu wa chuo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mbili zinunuliwe upesi, zege limwagwe saa nane kama ilivyopangwa, na mlinzi akabidhi funguo jioni. Nyumba ingepata mtu mwingine. Mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, aliingia kibandani bila kuuliza kitu. Punde ikasikika sauti ya sufuria zikitumbukizwa kwenye gunia.

Desimali alikuwapo. Aliona haya kumtazama mlinzi, na kwa kuwa alihitaji pahali pa kutazama, alitazama mtaroni. Akaona nondo mbili zimelala ubavu kwa ubavu, zimefungwa pamoja kwa waya, urefu wa kama mkono wa mtu. Mbele kidogo, tena. Kwenye kona ya mbali, tena.

Bila shaka zimepishana. Nondo ya mita kumi na mbili haiwezi kuzunguka mita thelathini. Ikiisha, inayofuata haianzii pale ilipoishia, lazima zilale pamoja ili nguvu ihame kutoka moja hadi nyingine. Mwalimu alifundisha hivyo, mara hamsini ya unene wa nondo, yaani sentimita sitini. Desimali alikuwa ameyaandika kwa wino wa bluu na kuyapigia mstari kwa wino mwekundu. Kisha alipopata kumi na mbili kamili, akayasahau.

Alimkuta mwalimu ofisini akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Mwalimu, sikuweka mapishano."

Mwalimu hakuuliza mapishano gani. Alikaa chini taratibu, akalitazama jedwali, akaitazama saini yake mwenyewe.

"Wala miisho ya ukuta wa kati," aliendelea Desimali. "Zinatakiwa kukunjwa nusu mita kila upande, zishikane na za nje. Kila moja ni mita saba, mimi niliandika sita."

"Naona."

"Kwa hiyo hakuna kilichoibiwa."

"Naona, mwanangu." Alivua miwani. "Mbili zimeshaagizwa. Saa nane zege linafunika. Barua yako ya mjini bado haijajibiwa, na mkuu ataniuliza nani alikagua. Mlinzi nitamwombea. Atarudishiwa kazi, mambo haya hupoa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka anayetafuta njia ya mkato. Na Desimali, ukweli usemwe, aliisikiliza njia hiyo mpaka mwisho wake. Aliiona meza yake katika ofisi ya mjini. Zege lingekauka, na duniani kusingekuwa na mtu wa kulifukua kuhesabu chuma. Kisha akazikumbuka zile sufuria.

"Kupoa yatapoa," alisema. "Lakini ataitwa mwizi mpaka afe. Naomba tepu, Mwalimu. Yangu ni fupi."

Mwalimu akafungua mtoto wa meza, akampa tepu ndefu.

Desimali aliingia mtaroni na viatu vyake vya darasani. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya tepu, na aliyekuwa karibu ni mlinzi, akiwa na funguo mfukoni zikingoja jioni. "Nishikie hapa, mzee," alimwambia, naye akashika bila kuuliza, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameshika alichoambiwa ashike. Wafungaji waliacha kazi. Mkuu wa chuo akaja kuona kwa nini mashine ya zege imenyamaza.

Desimali alisoma vipimo kwa sauti. Mzunguko, mita thelathini, nondo nne, mia na ishirini. Mapishano, matatu katika kila nondo ya mzunguko, yote kumi na mawili, sentimita sitini kila moja, mita saba na pointi mbili. Vipande vilivyobaki, vinne, mita nne na pointi mbili kila kimoja, kumi na sita na pointi nane. Juu ya ukingo wa mtaro mtu fulani alikuwa akiandika. Alipoinua macho aliona ni mwalimu.

"Jumla?" aliuliza mkuu.

"Mia moja arobaini na nne," alisema mwalimu. "Ni nondo kumi na mbili. Zote zimo humu. Jedwali ndilo lililokuwa na makosa, na mkaguzi wake ni mimi."

"Na mwandishi ni mimi," alisema Desimali.

Mkuu alimwambia mlinzi abaki na funguo zake. Kisha akarudi ofisini. Msimamizi wa karakana aligundua ghafla kwamba kuna koleo linalohitaji kuoshwa. Mlinzi aliachia ncha ya tepu, ikajikunja kwa kasi hadi mkononi mwa Desimali, naye akaenda kibandani kumsaidia mkewe kufungua gunia.

Nondo mbili zikaja, ukuta wa kati ukafungwa kama ulivyotakiwa, zege likamwagwa. Lilitosha, maana hesabu ya zege ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Wiki hiyo hiyo nafasi ya mjini alipewa mwanafunzi wa pili, yule aliyechimba makutano mara mbili lakini akaweka mapishano. Desimali alilitoa jedwali lake ubaoni, akaandika upya ukurasa wa chuma, akalirudisha. Iliuma, naye hakujidai kwamba haikuuma.

Lakini hilo lilikuwa la baadaye. Jioni ile ya zege alifika getini viatu vikiwa vimekauka kama vigae. Mlinzi alikuwa pahali pake, koti limefungwa hadi juu. Mbele yake mwalimu wa vipimo alisimama mkoba wazi, akipekuliwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwalimu alipita akiangalia chini.

Desimali alisubiri apungiwe mkono.

"Mfuko," alisema mlinzi.

"Mzee, ni mimi."

"Najua ni wewe, na ahsante kwa leo. Mungu akuzidishie. Lakini kikipotea kitu hapa, anayeulizwa ni mimi." Alisema kwa upole kabisa, na mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. "Mfuko."

Akampa. Mlinzi alitoa daftari, akalikung'uta. Akatoa tepu fupi, akaitazama pande zote mbili, akairudisha ilipokuwa. Akapapasa chini kabisa, penye makombo na kalamu iliyovunjika, bila haraka, jinsi kazi hiyo inavyopaswa kufanywa. Kisha akafunga zipu mpaka mwisho na kumkabidhi.

"Pita," alisema, na nyuma ya neno hilo hapakufuata lingine.