Mita Mia na Arobaini za Mama Saturnina

Kamba ya kijiji chetu ni yangu. Kabla yangu ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake sijui, wala sitaki kujua. Ina urefu wa mita ishirini, na kila mita ina fundo. Mtu akigombana na jirani juu ya mpaka, huniita mimi, Fortunato. Wakishapatana wananisahau hadi ugomvi mwingine. Basi mnisikilize, maana mwaka ule nusura kamba hii imnyang'anye mjane shamba, na aliyeishika ni mimi mwenyewe, tena kwa kiburi.

Mjane huyo ni Mama Saturnina Poma. Shamba lake lina pembe tatu, na kila pembe ina jiwe. Jiwe la kwanza liko karibu na nyumba ya Mwalimu Hermógenes. La pili liko kwenye njia ya kwenda uwanja wa kijiji. La tatu liko chini, nyuma ya kanisa. Kutoka jiwe la kanisa kwenda kwa yale mawili kuna kuta za mawe, moja ya mita themanini, nyingine ya hamsini. Upande wa tatu, wa juu, ni mfereji wa maji unaotoka mlimani. Hati aliyoiandika baba yangu inasema: mfereji, mita mia na arobaini.

Serikali ilimtuma injinia mmoja kutoka mji mkuu aje kutoa hati mpya. Kijana mpole, jina lake Wilfredo, mwembamba hadi unamwonea huruma akipigwa na upepo wetu. Aliweka meza ndani ya ukumbi wa kijiji akaanza kuchora mashamba kwa rula na bikari, sentimita moja kwa kila mita kumi. Kazi yake ilikuwa karatasi tu. Shamba likichoreka, linapata hati. Lisipochoreka, linaandikwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na jirani yeyote anaweza kuliomba.

Shamba la Mama Saturnina halikuchoreka.

Injinia alichora mstari wa sentimita kumi na nne, huo ndio mfereji. Akafungua bikari sentimita nane, akaizungusha kwenye ncha moja. Akaifungua tano, akaizungusha kwenye ncha ya pili. Hiyo mizunguko miwili ilitakiwa ikatane mahali lilipo jiwe la kanisa. Haikukatana hata kidogo. Katikati ilibaki nafasi ya sentimita nzima.

"Mama, samahani," injinia akasema, masikio yamemwiva. "Shamba hili halifungi."

"Halifungi vipi? Lina kuta!"

"Kwa hesabu, Mama. Themanini na hamsini ni mia na thelathini. Hazifiki mia na arobaini. Shamba la namna hii haliwezi kuwepo."

"Haliwezi kuwepo," Mama Saturnina akarudia polepole. "Na viazi nilivyokupikia jana usiku vilitoka wapi, mwanangu? Mbinguni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nilipomwona Mwalimu Hermógenes anainuka.

Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini kufundisha kulikuwa hakujamstaafu yeye. Alitoa mfukoni vijiti vitatu vya tete. Angalieni mtu alivyojiandaa! Kimoja cha sentimita kumi na nne, kimoja cha nane, kimoja cha tano. Akavipanga mezani mbele yetu, watu wazima, wengi wetu aliwahi kutuchapa darasani.

"Jaribuni kuvifunga," akasema. "Jaribu wewe, Fortunato."

Nikajaribu. Nikaweka kile kirefu chini, nikainamisha viwili kutoka kwenye ncha zake. Havikugusana. Hata nilipovilaza kabisa juu ya kile kirefu bado nafasi ilibaki.

"Mnaona? Pande mbili zozote zikijumlishwa lazima zizidi upande wa tatu. Zisipozidi, hakuna pembetatu."

"Na zikilingana?" mtu akauliza nyuma.

"Zikilingana zinalala chini, kitu kinakuwa mstari. Shamba lenye upana wa uzi." Akamgeukia Mama Saturnina akiinamisha kichwa kwa heshima ya bandia. "Bibi yetu hata uzi hana. Ndiyo maana mimi nimekwisha kuandika ombi, ardhi ile isije ikapotea bure."

Ombi lilikuwa juu ya meza tayari, limepigwa mhuri. Masikini Mama Saturnina alilitazama. Alikuwa hana mume wala mtoto wa kiume, ana shamba lile moja tu, na mahindi yake yalikuwa yamemzidi kimo, yanangoja wiki tatu tu yavunwe.

"Mwenye makosa ni yule mzee aliyepima," Mwalimu akaongeza. "Sote tunajua alivyopenda chicha."

Hapo damu ikanichemka. Baba yangu alikunywa chicha, pombe yetu ya mahindi, sikatai, nani hanywi? Lakini alikunywa baada ya kupima! Nikachukua kamba, nikatoka, na ukumbi wote ukanifuata. Nikaanza kwenye jiwe la Mwalimu, nikaufuata mfereji kama alivyonifundisha marehemu, ukingoni kabisa, kona kwa kona, nikiuzunguka mwamba mkubwa unaoupindisha, kamba juu ya kamba. Kamba saba. Saba mara ishirini. Nikasimama kwenye jiwe la uwanjani nikapaza sauti:

"Mia na arobaini! Haijazidi wala haijapungua! Nani mlevi sasa?"

Injinia akanitazama kwa huzuni.

"Ahsante, Fortunato," Mwalimu akasema, sauti tamu kama asali. "Umemaliza ubishi."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimemsafisha baba yangu, nimemzika mjane. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, hata kama ardhi yenyewe haipo.

Mama Saturnina hakulia. Aliketi juu ya jiwe la uwanjani, akatoa bisi za mahindi mfukoni mwa sketi, akaanza kutafuna moja moja akiyatazama mahindi yake. Na pale katikati ya mahindi kulikuwa na ile njia.

Njia hiyo ilikuwa ugomvi wa miaka kumi na moja. Ilitoka jiwe la Mwalimu ikaja moja kwa moja hadi jiwe la uwanjani, imekata mahindi kama kichana kinavyogawa nywele. Kwetu kuna sheria: anayekanyaga mazao ya mwenzake husafisha sehemu ya mfereji ya mwenye shamba siku ya usafi, mwezi wa Agosti. Kila mwaka Mama Saturnina alimshtaki Mwalimu. Kila mwaka Mwalimu aliapa mbele ya msalaba wa kanisa kwamba yeye akienda uwanjani kusoma gazeti hufuata mfereji, na kwamba njia ile ni ya kondoo. Mwalimu ni mwalimu, nani angembishia?

"Mwalimu," Mama Saturnina akasema akitafuna, "mimi sikusoma. Nisaidie. Kutoka jiwe lile hadi hili, kufuata mfereji na kukata katikati, ipi fupi?"

Jamani, kumuuliza Mwalimu swali ni kumtupia mbwa mfupa. Alinyoosha shingo.

"Bibi, hilo ni jambo la darasa la tatu! Njia iliyonyooka ndiyo fupi siku zote. Ni kanuni ile ile ya vijiti. Ukizunguka kona, unatembea pande mbili badala ya mmoja, na pande mbili daima zinazidi. Kona zikiwa nyingi, unapoteza zaidi. Hapa kwa mfano, kufuata mfereji ni hatua mia mbili na themanini, lakini ukikata ni mia mbili kam..."

Akaishia hapo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mia mbili kamili," Mama Saturnina akammalizia. "Kondoo walikuhesabia?"

Lo! Kicheko kilichopasuka siku ile, wagonjwa walikisikia vitandani. Injinia peke yake hakucheka. Alikuwa amejipiga paji la uso kwa kiganja.

"Fortunato," akaniambia, "hii mia na arobaini umeipima ukifuata kona za maji?"

"Sasa nifuate nini? Mfereji unasafishwa kwa kuufuata. Namba ya hatini ndiyo namba ya koleo, mita za kusafisha. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," akasema. "Upande wa pembetatu ni mstari ulionyooka. Mimi nimeuchora mfereji kana kwamba umenyooka."

Huo ndio ujinga wetu wote wawili. Yeye hakuuliza, na mimi sikudhani kuna mtu duniani anayepima mfereji kwa namna nyingine.

Mahindi yalikuwa yamesongamana, na kamba haikuweza kunyooshwa jiwe hadi jiwe isipokuwa mahali pamoja. Tukailaza kwenye njia ya Mwalimu, juu ya alama za viatu vyake vyenye visigino vilivyolika upande wa kushoto. Kamba tano. Mita mia moja kamili. Sifa yake apewe: miaka kumi na moja ya kukanyaga, hakupinda hata shubiri moja.

Injinia alichora palepale, karatasi juu ya jiwe. Kumi juu, nane huku, tano kule. Mizunguko ikakatana vizuri, maana themanini na hamsini zinazidi mia bila taabu. Kisha ule ukanda uliobaki kati ya njia na mfereji akaugawa kwa pembetatu ndogondogo, tukapima kila moja kwa kamba iliyonyooka, akaziongeza. Mama Saturnina akawa na shamba la pembetatu na tumbo juu yake. Hati ikapigwa mhuri jioni ile ile. Kwa ombi la Mwalimu, Mama Saturnina aliwashia jiko.

Mkutano wa kijiji nao haukuchelewa. Kukanyaga mazao, miaka kumi na moja ya kuapa uongo. Wakamsamehe kumi, wakampa mmoja.

Mwezi wa Agosti Mwalimu Hermógenes akafika mferejini na koleo, suruali imekunjwa magotini, miguu myeupe ambayo kijiji hakijawahi kuiona. Nami nikafika na kamba, kumpimia sehemu yake, kama kawaida. Mama Saturnina alikuwa ameketi kwenye jiwe la kwanza na mtungi wa chicha.

Mwalimu akanisogelea, akanong'ona.

"Fortunato, mwanangu. Hati mpya ya mama huyu imeandika mita mia. Umeiona mwenyewe. Nipimie mia, basi, tufuate hati."

Kabla sijafungua mdomo, Mama Saturnina akajibu kutoka jiweni. Masikio yake hayajazeeka.

"Sawa kabisa, Mwalimu. Ukiona maji yanakata katikati ya mahindi yangu, safisha mia. Yakizunguka, zunguka nayo."

Nikafunga ncha ya kamba kwenye jiwe la kwanza, nikaanza kuhesabu kona.