Barua ya Daktari kwa Mkunga

Mimi ni mkunga, na wiki arobaini na moja zilitimia nikiwa bado nahangaika wodini na tumbo langu. Daktari wa uzazi aliponishauri nianzishiwe uchungu, nikamjibu kwa mkato kuwa mwanangu ana akili zake, atatoka akitaka.

Kesho yake akaniletea barua. "Mimba ikipitiliza, kondo la nyuma huweza kuchoka kumlisha mtoto. Hatari ya kufia tumboni ni ndogo, lakini inaongezeka kadiri siku zinavyopita. Kuanzisha uchungu kunaipunguza, wala hakuongezi upasuaji. Uamuzi ni wako."

Chini aliongeza: "Maneno haya ni yako mwenyewe, dada. Nakusikiaga ukiwaeleza akina mama pale kwenye kitanda cha dirishani."

Nilinuna hadi mchana. Kisha nikavua sare, nikapanda kitanda kilekile.