Mwongozo wa Ukurasa Mmoja

Karani alikuwa amechoka kabla hata hajaanza. Sakafuni mwa stoo alitandaza karatasi hamsini na tatu: vipeperushi, lebo, barua kwa wateja, maelezo ya kutunza mitambo ya kuchuja maji. Kila moja ilikuwa na lake. Hapa mteja ni "wewe", pale ni "mteja wetu mtukufu". Hapa lita, pale galoni. Kila aliyehariri alirekebisha alivyopenda, na aliyefuata akarudisha. Kuchota maji kwa pakacha, hasa.

"Niandikie ukurasa mmoja tuufuate sote," bosi alikuwa amesema. "Ukinipa Ijumaa, nakusainia barua ya ajira ya kudumu."

Miaka mitatu alikuwa kibarua. Mama yake nyumbani hakuuliza tena habari za kutwa. Aliuliza barua tu.

Akahesabu kwa kupiga vistari. Neno lililotumika mara nyingi zaidi likawa ndiyo kanuni. Kile kipande cheupe cha ndani, kinachobadilishwa kikichakaa, karatasi arobaini na moja zilikiita "kichungi", kumi na mbili "mshumaa". Kichungi kikashinda.

Alhamisi akampelekea fundi wa dirisha la matengenezo mwongozo pamoja na kipeperushi kibovu. "Kaka, kirekebishe kwa kufuata huu. Usiniulize kitu."

Fundi akasoma, akacheka mpaka akaweka spana chini. "Dada yangu, 'badilisha kichungi'? Mtambo mzima si ndio watu wanauita kichungi? Juzi mama mmoja kanibebea wote, na bomba lake, eti kaambiwa abadilishe. Hapa dirishani tunasema mshumaa."

"Lakini ni arobaini na moja!"

"Arobaini na moja za nani?"

Akarudi stoo, akapiga magoti tena, akatazama tarehe. Thelathini na nane zilikuwa zimenakiliwa kutoka kipeperushi kimoja cha zamani, neno kwa neno. Hakuwa amehesabu watu. Alikuwa amehesabu mashine ya kunakili. Na mwandishi wa kipeperushi kile alikuwa bosi mwenyewe.

Akajiegemeza ukutani. Angenyamaza, barua ingetoka, na wateja wangeendelea kubeba mitambo kichwani. Akafuta kanuni, akaandika upya: *Kichungi: mtambo mzima. Mshumaa: kipande cheupe cha ndani.* Pembeni akaweka mfano na sababu, kama alivyofanya kwa nyingine zote.

Ijumaa bosi aliusoma, kalamu mkononi. "Mshumaa kasema nani?"

"Wateja, bosi. Na mafundi."

"Mimi nimeandika kichungi miaka tisa."

"Basi kirudishe, bosi. Ila jaza na sababu hapo pembeni, ili atakayekuja asibadilishe tena."

Kalamu ikashuka pale pembeni, ikakosa sababu ya kuandika. Bosi akasaini chini ya ukurasa.

"Barua yako ichape, nitaisaini. Halafu niletee kipeperushi changu nikirekebishe."

"Na nakala zake thelathini na nane?"

"Usinichokoze, binti. Kimoja."

Alitaka kufurahi, akakuta magoti yanamuuma. Akaenda kuchapa barua, polepole, akiisoma mara mbilimbili.